"Vi" hiyo ni ya nini?

Mwezi wa sita mpwa wangu alishuka kutoka Isongole, akakaa kwangu Uyole, Mbeya, wiki mbili. Shule aliiacha kidato cha pili, sasa analima viazi mviringo, na kikundi chao cha wakulima kilikuwa kimempa kijitabu cha magonjwa ya viazi akisome kisha awaeleze wenzake. Jioni ya kwanza, baada ya kula, alivuta kiti karibu na taa, akajifunika blanketi mabegani kwa ile baridi yetu, akaanza. Nilikuwa nasahihisha madaftari upande wa pili wa meza, hivyo nilimwona vizuri. Kidole kilitembea chini ya mistari, midomo ilicheza kidogo, kurasa ziligeuka. Zilipita dakika 40 hivi. Alipofunga kijitabu nikamwuliza, kwa nia njema tu ya kupiga soga, ugonjwa wa mnyauko unaudhuruje mmea.

Akatazama juu ya dari. Akafungua kijitabu, akafunga. "Mjomba, nimesoma. Nimesoma yote, neno kwa neno."

Namwamini. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka 19 na kauli hiyo nimeisikia kwa wanafunzi wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Zamani niliichukua kama kisingizio cha mvivu. Nikampa mtoto adhabu, au nikamwambia maneno yale tunayoyasema walimu wote: zingatia, tuliza akili, acha kuwaza mengine. Leo najua nilikuwa nawakosea. Mtoto alikuwa amesoma kweli. Kilichokosekana si kusoma, na kumwamuru azingatie ni sawa na kumwambia abiria aliyesinzia ndani ya gari asisinzie: wakati anapolihitaji onyo hilo ndipo hayupo wa kulisikia.

Niseme kinachotokea. Jicho la msomaji halitelezi juu ya mstari kama tunavyodhani. Huruka na kutua, huruka na kutua, na kila linapotua hukaa karibu robo ya sekunde kabla ya kuruka tena. Kazi hiyo, pamoja na ile ya kugeuza herufi kuwa sauti kichwani, mtu aliyezoea kusoma haifanyi kwa kukusudia, kama ambavyo hatukusudii kila hatua tunapotembea kwenda sokoni. Na maandishi ya Kiswahili yanairahisisha zaidi. Herufi zetu husomeka jinsi zilivyoandikwa. Silabi nyingi ni konsonanti na irabu, na hakuna neno linalokushika shati ukashindwa kulitamka. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kusoma kwa ufasaha sentensi ya sheria ya ardhi asiyoielewa hata chembe. Ni neema kubwa kwa anayejifunza kusoma. Kwa upande wa pili, sauti ya kichwani inaweza kuendelea peke yake, bila mtu ndani.

Kuelewa ni kazi nyingine kabisa. Kila sentensi mpya inabidi iunganishwe na zilizotangulia: huyu ndiye yule, hili limesababisha lile. Akili hujenga picha, sentensi moja ikiongeza tofali juu ya nyingine. Kazi hii ndiyo inayohitaji nafasi kichwani, nayo ndiyo inayosimama mawazo yanapohama. Macho hayasimami. Sauti haisimami. Kidole hakisimami. Ndiyo maana msomaji mwenyewe hagundui: dalili zote anazozitumia kujua kwamba anasoma bado zipo.

Mwaka 2010 mtafiti wa Marekani, Erik Reichle, na wenzake wawili waliripoti walichokiona kwa kufuatilia macho ya wasomaji wanne waliokuwa wakisoma riwaya nzima ya Kiingereza. Mawazo ya msomaji yalipohama, macho yalitua kwa muda mrefu zaidi, na yakaacha kutofautisha maneno. Kwa kawaida jicho hukawia kwenye neno adimu na kupita upesi kwenye neno la kila siku. Kwa msomaji aliyehama, tofauti hiyo ilififia. Macho yalikuwa yakitembea kama mtu anayepiga doria mahali asipopalinda.

Kuna jambo la pili katika tafiti za aina hii ambalo lilinigusa kama mwalimu. Msomaji huombwa abonyeze kitufe kila anapojigundua kuwa mawazo yamehama, na wakati huohuo, mara mojamoja bila kutarajia, huulizwa: sasa hivi ulikuwa wapi? Swali hilo la ghafla huwakuta watu wengi wakiwa mbali, wasijue bado kuwa wako mbali. Na hao ni watu walioambiwa kabla kwamba kazi yao ni kujichunga.

Nilitaka mpwa wangu aone jambo hili mwenyewe, kwa hiyo jioni ya pili nilimnakilia kwa mkono ukurasa mmoja kuhusu kuhifadhi mahindi. Katikati ya aya ya tatu nikachomeka sentensi hii: "Gunia likishakauka, jembe hulipika hadi jana ijayo." Akasoma kimya hadi mwisho. Nikamwuliza kama kuna chochote kimemshangaza. Hapana. Nikamrudisha kwenye mstari ule, akausoma, akaweka mkono kinywani. Sikumcheka, maana watafiti nao wamewahi kuwapenyezea wasomaji wao maneno yasiyo na maana, nao wakasonga mbele vilevile kwa maneno kadhaa kabla ya kushtuka. Nikamwuliza alikuwa wapi. Akafikiri kwa muda, akasema alikuwa kwenye bei ya mbolea. Neno "gunia" lilimkumbusha deni.

Hivyo ndivyo mawazo yanavyohama mara nyingi. Hayatoki kwenye utupu. Neno moja kwenye ukurasa linagusa jambo ambalo mtu analibeba, deni, mgonjwa, ugomvi wa jana, na jambo hilo lina nguvu kuliko ukurasa. Andiko likiwa jepesi mno, nafasi inabaki kichwani na jambo hilo linaijaza. Likiwa gumu mno ni mbaya zaidi: picha inashindwa kujengeka, hakuna tena cha kumshika msomaji, na akili inaondoka kwenda mahali inapoelewa. Watu wengi hudhani andiko gumu hulazimisha umakini. Nimeona kinyume chake darasani, na tafiti za kusoma zimeona vivyo hivyo.

Sasa, kama msomaji hawezi kujigundua mwenyewe, kitu fulani cha nje kimgundue. Anayesafiri kutoka Mbeya kwenda Tukuyu hajui usingizi ulimchukulia wapi. Anajua tu kwamba gari liliposimama Uyole alikuwa macho, na konda alipoita Kiwira alishtuka. Isyonje iliyo katikati haikumbuki. Kituo ndicho kilichomwambia kwamba alilala, na pia kikamwambia alilala kuanzia wapi. Nikamwambia mpwa wangu kwamba tutaweka vituo kwenye kijitabu chake. Mwisho wa kila aya atafunika ukurasa kwa kiganja, ajibu swali moja kwa sauti, kisha ndipo aendelee.

Kila kitu kinategemea swali lenyewe. Swali baya kuliko yote ni lile tunalolipenda walimu: "Mmeelewa?" Jibu lake ni ndiyo, na mjibu hadanganyi, kwa sababu hisia ya kuelewa huja na wepesi wa kutamka. Linalofuata kwa ubaya ni swali ambalo jibu lake limelala katika sentensi moja. Hii hapa aya ya kwanza, kama nilivyomwandikia upya kwa maneno yangu kwenye karatasi:

"Mnyauko bakteria huanzia ardhini. Vimelea vyake huingia kwenye mmea kupitia mizizi, hasa iliyojeruhiwa na jembe au minyoo, kisha huongezeka ndani ya mirija inayopandisha maji. Mirija ikiziba, mmea hunyauka ingawa udongo una unyevu, na majani huweza kubaki ya kijani kwa siku kadhaa. Viazi vya shina hilo huenda vikaonekana vizima kwa nje. Vikitumiwa kama mbegu, huupeleka ugonjwa kwenye shamba jipya."

Ukiuliza "Mnyauko bakteria huanzia wapi?" utapata "ardhini" kutoka kwa mtu aliyehama baada ya sentensi ya kwanza. Kituo hicho hakimwamshi yeyote. Ukiuliza "Kwa nini kuumwagilia mmea huu maji hakutausaidia?" hali inabadilika. Aya haijataja kumwagilia. Ili ajibu, msomaji anatakiwa awe na mirija, kuziba kwake, na ule unyevu uliopo udongoni, vyote vitatu kwa pamoja kichwani. Aliyekosa kimoja atakwama, na mahali anapokwama ndipo alipohamia. Mpwa wangu alisema, "Maji yapo, ila njia imeziba." Sentensi fupi, lakini nilijua picha imesimama.

Kisha nikamwuliza swali la pili, na hili ni la Kiswahili hasa. Nalipenda kwa sababu lugha yetu imejitegea mitego hii yenyewe, bila mwalimu. "Hapo mwisho pameandikwa vikitumiwa kama mbegu. Vi hiyo ni ya nini?"

"Vimelea," akajibu haraka.

Nikanyamaza. Vimelea na viazi vyote ni ngeli moja, ki-vi, kwa hiyo kiambishi hakiwezi kuamua peke yake. Maana ndiyo inayoamua. Aliyekuwepo wakati sentensi inapita hawezi kukosea, kwa kuwa hakuna anayepanda vimelea. Aliyehama anaokota neno lolote la vi- lililobaki masikioni. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake mtu au kitu kilichotajwa nyuma: "huupeleka" ina u ya ugonjwa, na "vikitumiwa" iliyo kabla yake ina vi ya viazi. Kila kiambishi kama hicho ni deni ambalo msomaji makini amekwisha kulilipa bila kujua. Ukitaka kujipima ukiwa peke yako, huna mtu wa kukutungia maswali, simama kwenye kitenzi cha mwisho cha aya, ukichomoe kiambishi chake, ujiulize ni cha nini. Inachukua sekunde tano. Ukijibu bila kurudi nyuma, ulikuwepo.

Akafunua kiganja. Akasoma tena sentensi mbili za mwisho, taratibu.

"Viazi," akasema. Halafu akanyamaza kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. "Mjomba. Lile shamba la bondeni lilinyauka mwezi wa nne. Nikadhani ni jua. Nikachota maji mtoni siku tatu. Mbegu niliyoiweka ghalani imetoka kule kule."

Kijitabu hicho alikuwa amekisoma mara mbili kabla ya kuja kwangu, na mara ya tatu mbele ya macho yangu.

Tutarudi kwenye ghala. Kwanza nimalize suala la mahali pa kuweka swali, kwa kuwa hapa sisi tuliopita shule za Tanzania tumejifunza tabia moja yenye madhara. Sote tunaijua sentensi ile ya mtihani: soma kifungu cha habari kifuatacho kisha jibu maswali yanayofuata. Na sote tulifundishwa ujanja wa kusoma maswali kwanza. Kwenye mtihani ujanja huo unaokoa muda. Lakini mtu anayesoma akiwa na swali mkononi anageuka mwindaji, anapita ukurasani akitafuta neno moja, na yote yasiyofanana nalo yanampita pembeni. Katika miaka ya 1960 Ernst Rothkopf, Mmarekani aliyechunguza sana maswali yaliyochomekwa ndani ya maandishi, alilinganisha maswali yaliyowekwa kabla ya sehemu ya kusoma na yale yaliyowekwa baada yake. Yaliyotangulia yaliwasaidia wasomaji hasa kwa kile kilichoulizwa. Yaliyofuata yaliwasaidia hata kwa mambo ambayo hayakuulizwa kabisa. Maelezo yake yana mantiki: anayejua kwamba swali linakuja, asijue litauliza nini, hawezi kuchagua cha kukiacha.

Kwa hiyo faida kubwa ya kituo inatangulia kabla hujakifikia. Kufikia aya ya nne mpwa wangu alikuwa amebadilika namna ya kukaa. Alikuwa anapunguza mwendo peke yake anapokaribia mwisho wa aya, na mara moja alirudi juu kabla sijafungua mdomo. Mwaka 2013 Karl Szpunar na wenzake walipata picha inayofanana kwa watu waliotazama somo la video la dakika 21 lililokatwa vipande vinne. Waliopewa jaribio dogo baada ya kila kipande waliripoti kuhama mawazo karibu nusu ya wale ambao hawakupewa. Hilo lilikuwa somo la kusikiliza na kutazama, si la kusoma, na sitalivuta zaidi ya hapo, ila kwangu linaonyesha kazi ileile: kutarajia kuulizwa kunamweka mtu nyumbani.

Umbali kati ya vituo tulijifunza kwa kukosea. Tulianza na swali kila sentensi mbili, na ikawa usumbufu mtupu. Akawa anajibu vizuri kila kipande, lakini nilipomwomba aniunganishie ukurasa mzima hakuweza, kwa kuwa hakupata nafasi ya kuujenga. Tukajaribu kila ukurasa mmoja. Akipotea, alikuwa amepotea mbali mno. Aya moja, kama mistari sita hadi kumi, ilimfaa kwa andiko la maarifa mapya kama lile. Mimi mwenyewe nikisoma gazeti nasimama mara chache zaidi, na hadithi nzuri siikati kabisa, maana hadithi ina maswali yake: nani alibisha hodi, atarudi lini. Kuipachika maswali ya mwalimu ni kuiharibu.

Na swali likishindwa kujibiwa, usirudi mwanzo wa ukurasa. Wengi hufanya hivyo, kama kujiadhibu, na wanahama tena mahali palepale kwa sababu mistari ya juu wanaijua na haina cha kuwashika. Rudi kwenye jambo la mwisho unaloweza kulisema kwa maneno yako, uanzie sentensi inayofuata. Mpwa wangu alikuwa anaweka punje ya mahindi mahali hapo. Baada ya siku tatu, punje zilituonyesha jambo: karibu mara zote alikuwa anapotea baada ya maneno ya fedha. Bei, mkopo, gharama. Tukachukua karatasi, akaandika deni lake la mbolea, anamdai nani, anadaiwa na nani, atalipa lini. Alipomaliza kuliandika, lilipungua kumwita.

Kuna kushindwa ambako si kuhama mawazo, na ni lazima kutofautishwe, la sivyo utamlaumu mtu bure. Mara mbili alikwama kwenye swali, akarudi, akasoma polepole kwa sauti, akakwama tena palepale. Mawazo yaliyohama hurudi ukisoma mara ya pili. Hapa hayakuwa na pa kurudi, maana neno lenyewe hakulijua. Mara moja lilikuwa "mirija", ambalo nilimwonyesha kwa kukata bua la mahindi. Ndiyo hali ya wanafunzi wangu wengi wanapofika kidato cha kwanza na kukutana na vitabu vya Kiingereza: wanatamka, hawaelewi, akili inaondoka, nasi tunaandika kwenye ripoti kwamba hana umakini. Swali la kituo halitamfundisha neno. Litakuonyesha tu kwamba tatizo ni neno, na hiyo ni habari kubwa kwa mwalimu anayetaka kuisikia. Vivyo hivyo na uchovu. Mtu aliyelima tangu alfajiri, akifika swali la tatu bila jibu, mwache akalale.

Mwisho wa wiki ya pili tulipanda gari hadi Isongole. Ghalani kwake tulichukua viazi vya mbegu ile kutoka pembe tofauti za lundo, yeye akivikata kwa kuvipasua katikati, akivibana kidogo na kungoja. Vingi vilikuwa vyeupe, safi. Katika viwili ulitokea uteute wa rangi ya maziwa, ukifuata ule mstari wa duara ulioko karibu na ganda.

Mama yake, dada yangu, akasema vile vibovu vitupwe na vilivyobaki vipandwe, maana vinaonekana vizima.

Mpwa wangu alikuwa anafuta kisu kwa maji ya sabuni, akasema bila kuinua kichwa, "Mama, kuonekana vizima kwa nje si dalili. Vinaweza kuwa na vimelea visivyoonekana bado." Kisha akamweleza kwamba mbegu ile yote isipandwe, kwamba bondeni msimu ujao apande mahindi, na kwamba nyanya alizokuwa anazifikiria pale haziwezekani, kwa kuwa ugonjwa huo huo unazishika nyanya, bilinganya na pilipili.

Dada yangu akamwuliza, "Unazishika kwa kupitia wapi?"

Akaweka kisu chini, akamjibu.